Acheni Kupausha Watu: Ngozi Iliyoungua Haitaki Saturation, Inataka Hue

Wasee, kuna ushauri unazunguka kwa kila video ya kufunza kuediti ngozi, na mimi nimechoka nao. Unaambiwa hivi: mtu akiwa mwekundu kwa sababu ya jua au ngozi kuwasha, ingia Lightroom, tafuta Red, vuta Saturation chini hadi -40, malizia na Orange -20, kazi imeisha. Sekunde kumi. Halafu mwisho wa video anakuuzia priseti.

Hiyo si kutoa wekundu. Hiyo ni kupausha mtu. Na kama ulilelewa Kenya hii unajua kupauka ni nini. Ni ile ngozi ya asubuhi ya baridi kabla hujapakwa mafuta, imekaa rangi ya jivu mpaka mama anakukimbiza hadi kwa geti na mkebe ndiyo usimwaibishe huko nje. Sasa mtu mzima analipa pesa zake, na msee wa kuediti anamrudisha palepale.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hadi mwisho: wekundu wa jua unatolewa kwa Hue, mahali palipoungua peke yake, na Saturation inaguswa mwisho kabisa, kidogo, kama chumvi. Ukianza na Saturation umeshapoteza picha.

Tuelewane kwanza kwa maneno ya kawaida. Hue inajibu swali "hii ni rangi gani?" Nyekundu, machungwa, manjano. Saturation inajibu "imekolea kiasi gani?" Luminance inajibu "ina mwanga kiasi gani?" Sasa jiulize: shavu lililoungua lina shida gani? Si kwamba limekolea tu. Shida yake kubwa ni kwamba limehama. Lilikuwa kwa machungwa, sasa liko karibu na nyekundu tupu. Kitu kikihama, unakirudisha mahali pake. Hukifutifuti kikiwa kule kilipohamia.

Nitakupa mfano wa kazi yenyewe, kwa sababu bila picha haya ni maneno tu.

Mimi chuo niliacha, lakini gradu nimepiga nyingi kuliko ambazo ningehudhuria kama ningebaki. Moja kati ya hizo familia ililetewa picha na msee mwingine, wakazikataa, wakaniomba niziediti upya kutoka kwa faili asili. Aliyehitimu ana ualbino. Alikuwa amekaa uwanjani juani tangu asubuhi, kwa hivyo saa ya picha pua, mashavu na masikio yalikuwa yameiva. Kando yake amesimama mama yake, ngozi nyeusi ya kahawia iliyoiva vizuri, lipstiki nyekundu, kitenge chenye maua mekundu. Kijana mwenyewe shingoni ana kile kitambaa cha joho, chekundu pia. Ni kama picha iliundwa makusudi kuadhibu watu wa -40.

Toleo la yule wa kwanza lilikuwa limefanya nini? Mashavu yalikuwa ya jivu lenye upinki fulani. Kitambaa cha joho kilikuwa kimegeuka kama kitu kimefuliwa mara mia. Mdomo wa mama ulikuwa umekufa. Na mama mwenyewe, ambaye hakuungua popote, alikuwa amepoteza joto lote usoni. Aliniambia, "Mwanangu, huyu kijana wangu amekaa kama mtu ametolewa mochari." Nikamwambia, "Mum, ngoja jioni."

Kabla ya kugusa chochote nilichukua kipima rangi, ile alama ya kudondoshea rangi ambayo iko karibu kwa kila programu ya kuediti, nikasoma namba sehemu tatu. Namba zenyewe ni tatu kwa kila sehemu: nyekundu, kijani, buluu, kutoka 0 hadi 255. Shavu lililoungua lilisoma 214, 128, 118. Chini ya kidevu, ambapo jua halikufika, 224, 178, 150. Shavu la mama, 118, 78, 56.

Usiogope namba. Zigeuze tu kuwa Hue, ambayo ni duara la nyuzi 360: nyekundu iko 0, machungwa iko 30, manjano iko 60. Shavu lililoungua liko kwa 6. Kidevu kiko karibu 23. Na shavu la mama liko 21.

Soma hiyo tena polepole. Mama mweusi na mwanawe mwenye ualbino, watu ambao ukiwaangalia unaona wametofautiana kama usiku na mchana, Hue zao zimepishana kwa nyuzi 2 tu. Tofauti yao kubwa iko kwa mwanga, si kwa rangi. Ngozi za watu, nyeusi kwa nyeupe, zikiwa kwa mwanga wa kawaida, zinakaa jirani sana kwenye hilo duara, pale kati ya nyekundu na manjano. Wanaoediti video wana hata mstari mmoja wa ngozi kwenye kipimo chao cha rangi, na wanautumia kwa watu wote. Kwa hivyo aliyetoroka kwenye hii picha ni mmoja tu: lile shavu la 6.

Limetorokaje? Jua likichoma ngozi, mishipa midogo ya damu inapanuka na damu inajaa karibu na juu. Damu inameza mwanga wa kijani, na kiasi cha buluu, lakini nyekundu inaiachilia irudi. Angalia namba tena. Nyekundu ya shavu ni 214 na ya kidevu ni 224, hakuna pengo la maana hapo. Lakini kijani imeanguka kutoka 178 hadi 128. Kwa hivyo kusema kweli jua halikuongeza nyekundu. Limekula kijani. Na kama kilichopotea ni kijani, kwa nini mtu anakuambia upunguze nyekundu?

Hapa ndipo ushauri wa -40 unaanguka. Joto la ngozi kwenye picha, ule uhai unaofanya mtu aonekane ana damu, uko kwenye pengo kati ya nyekundu na buluu. Kwa lile shavu pengo ni 96. Nilipopima toleo la yule msee wa kwanza, shavu lilisoma 190, 142, 137. Pengo limebaki 53. Ameua karibu nusu ya joto. Na Hue? Bado iko 6! Shavu bado ni jekundu, ila sasa ni jekundu lililopauka. Yaani amechukua kitu kizuri na ugonjwa ukaachwa.

Ukisogeza Hue badala yake, kutoka 6 hadi 18, shavu linasoma 214, 147, 118. Nyekundu haijaguswa. Buluu haijaguswa. Pengo ni 96 vilevile. Kilichobadilika ni kijani peke yake, imepanda kutoka 128 hadi 147, kile ambacho jua lilikula kimerudishwa kwa sehemu. Hiyo ndiyo maana ya kutoa wekundu bila kutoa joto. Si uchawi, si priseti.

Na kwa nini niliishia 18, si 23 kamili kama kidevu? Kwa sababu mashavu, pua na masikio ya mtu yeyote huwa na damu zaidi kuliko chini ya kidevu hata siku ambayo hakutoka nje. Ukilazimisha uso mzima uwe namba moja, unapata sura ya mdoli wa dirisha la duka. Mimi hurudisha kama theluthi mbili au tatu kwa nne ya safari, halafu naacha. Masikio nayaacha mekundu zaidi kidogo, hasa kama jua liko nyuma ya mtu na linapenya ndani yake. Hapo si kuungua, sikio hukaa hivyo.

Sasa venye nilifanya kwa Lightroom, kwa mpangilio.

Kwanza nilihakikisha mwanga wa picha yenyewe uko sawa. Gradu nyingi ziko chini ya hema, na hema ya maruni inamwagia kila mtu maruni. Ukiona hata kola ya shati nyeupe na weupe wa macho una wekundu, hiyo si ngozi, ni mwanga, na unairekebisha kwa Temp na Tint kabla ya kitu kingine. Kwenye hii kola ilikuwa nyeupe safi, kwa hivyo nikajua wekundu ni wa ngozi kweli.

Pili, maski. Ndani ya Masking kuna sehemu ya People. Nilichagua kijana peke yake, nikatia alama Face Skin na Body Skin. Hii inaacha midomo, macho na nguo nje. Wengi wanakosea hapa kwa kuchagua watu wote walio kwa picha. Mama hakuungua. Ukimsogeza Hue kutoka 21 anaelekea manjano, na mtu mweusi akielekea manjano anaonekana mgonjwa wa ini.

Tatu, ndani ya hiyo maski nilifungua Point Color, kifaa ambacho Adobe waliongeza mwaka 2023, nikadondosha kwenye shavu pale palipoiva zaidi. Halafu nikabonyeza Visualize Range. Hii inaonyesha ni sehemu gani kifaa kimeshika, na zile ambazo hazijashikwa zinapoteza rangi. Mwanzoni kilikuwa kimeshika uso wote na shingo. Nikapunguza Range polepole hadi kidevu kikaachiliwa na mashavu, pua na kipaji vikabaki. Hii hatua ndiyo kazi yenyewe. Slaida zingine mtu yeyote anaweza kuvuta.

Nne, Hue Shift upande wa machungwa, kidogo kidogo, macho yakiwa kwa mpaka kati ya shavu na kidevu wala si kwa shavu lenyewe. Namba iliyo kwa hiyo slaida si nyuzi za duara, kwa hivyo usiulize "ulitumia ngapi." Pima kwa kipima rangi hadi ufike unakotaka.

Tano, ndiyo sasa Saturation. Kumbuka pengo la shavu ni 96 na la kidevu ni 74, kwa hivyo shavu kweli limekolea zaidi. Niliteremsha chini ya 10. Mwanga nikaongeza chembe tu, kwa sababu damu inafanya ngozi iwe na giza kidogo. Nikaishia hapo. Mama alipoona alisema tu, "Eeh, huyu namjua."

Kama huna Lightroom ya kulipia, usiniambie hauwezi. GIMP ni ya bure kwa kompyuta yoyote. Zungushia eneo lililoungua kwa Free Select ukiacha midomo nje, weka Feather edges ili ukingo uwe laini, enda Colors, kisha Hue-Saturation, bonyeza R, na usogeze Hue kwa +12. Huko namba ni nyuzi kweli, kwa hivyo 6 inakuwa 18. Lakini usiruke hatua ya kuzungushia. R ya GIMP inashika kila kitu hadi nyuzi 30, kwa hivyo kidevu cha 23, mama wa 21, lipstiki na joho vyote viko ndani ya hilo neti. Ndiyo maana pia kusogeza Red ya picha nzima kwa simu hakutoshi: shavu litapona na kitambaa cha joho kitageuka machungwa, na watu wa chuo chake watauliza amehitimu wapi.

Utajuaje umeharibu? Kuna ishara tatu. Ya kwanza ni manjano yenye ukijani kwenye mashavu, maana yake umepita kidevu, rudi nyuma. Ya pili ni pete: katikati ya shavu pamepona lakini pembeni kuna duara jekundu, maana yake Range yako ni nyembamba sana, iongeze. Ya tatu ni madoadoa ya mraba mraba, na hii mara nyingi kosa ni la faili. JPEG ya WhatsApp huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, halafu inaibana tena. Ukivuta rangi ya sehemu ndogo, yale mabonge yanajitokeza. Mwambie mteja atume kama Document, ama achukue flashi akuletee. Na kama shavu limeunguzwa na kamera pia, yaani nyekundu imegonga 255 kila mahali, hakuna undani uliobaki pale. Utapata baka tambarare la machungwa. Hiyo kubali kushindwa, au chagua picha nyingine.

Najua kuna mtu anasema, "Lakini wateja wangu wengi ni weusi, hii inanihusu aje?" Inakuhusu hapa: kwa ngozi nyeusi muwasho mara nyingi hauji kama wekundu. Vipele vya kinyozi shingoni, au ngozi iliyochubuliwa na krimu mpya, vinakuja kama zambarau iliyofifia au giza tu. Pima kabla hujavuta. Kama Hue ya kipele na ya ngozi jirani zinakaribiana, Hue haitakusaidia, tofauti iko kwa Luminance, na utaifanya kwa brashi ndogo juu ya kipele chenyewe. Usipandishe Orange Luminance ya picha nzima. Hapo hujatoa muwasho, umemchubua mtu bila idhini yake, na kuna wasee wanaoita hiyo "glo".

Na la mwisho ambalo watu wa priseti hawataki kusikia: si kila wekundu ni wako wa kutoa. Picha ya gradu, toa, hakuna anayetaka kukumbuka siku yake kupitia pua iliyoiva. Lakini mtu akikuletea picha mbili za "kabla na baada" za krimu anayouza, na anataka ile ya "baada" usogeze Hue, huo ni uongo, na wewe ndiye umeutengeneza. Vilevile picha ambayo mtu anataka kumtumia daktari wa ngozi usiiguse hata White Balance ya kupendeza. Kwa mtu mwenye ualbino hasa, jua ni hatari ya kweli, saratani ya ngozi si hadithi kwao. Ule wekundu unaoficha kwa slaida ni habari ambayo mwili wake unatoa. Yule kijana nilimpa picha zake safi, na nikamwambia faili asili asizifute, na gradu ya mdogo wake aje na kofia pana na krimu ya jua. Kofia ya gradu haina ukingo, haifuniki hata pua.

Kwa hivyo ukitaka kubishana na mimi, karibu. Lakini usije na "mimi huwa natumia -40 na wateja wanapenda." Njoo na namba tatu za shavu na tatu za kidevu, kabla na baada, na uniambie pengo la nyekundu na buluu limeenda wapi.